Ada ya mwezi isimfukuze mteja mdogo

Yafuatayo ni maelezo ya afisa wa mapato katika idara ya maji ya kaunti, aliyoyatoa mbele ya wanakamati wa miradi ya maji na wananchi katika kikao cha kupanga bei.

Nimeombwa nieleze jambo moja ambalo limeleta maswali mengi: ile ada ya mwezi inayoandikwa kwenye bili hata kabla mita haijasomwa. Wengine wanasema iondolewe kabisa. Wengine wanasema iongezwe kwa sababu mradi hauna pesa. Leo nataka tuifanyie hesabu pamoja, tuone inaweza kufika wapi kabla haijamfukuza mteja mdogo.

Bili ya aina hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ada ya kudumu. Unailipa kila mwezi kwa kuwa umeunganishwa, utumie maji usitumie. Ya pili ni bei ya kila uniti unayotumia. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni mitungi 50 ya lita 20. Wengi wenu mnakumbuka kwamba bili za umeme majumbani zilikuwa na ada ya kudumu ya Sh150 kwa mwezi, ikaondolewa mwaka wa 2018. Huo ulikuwa mpango huu huu wa sehemu mbili. Wanauchumi nao wameuandikia kwa muda mrefu. Mwaka wa 1971 Walter Oi aliandika makala maarufu akiuliza bustani ya burudani ya Disneyland kule Marekani itoze kiasi gani mlangoni na kiasi gani kwa kila mchezo ndani. Swali lake ndilo letu: tutoze kiasi gani mlangoni, na kiasi gani ndani?

Mradi wa maji unahitaji sehemu zote mbili kwa sababu gharama zake zenyewe ni za aina mbili. Kuna gharama inayopanda kila uniti inapopigwa na pampu, hasa umeme na dawa ya kutibu maji. Kuna gharama nyingine isiyojali maji yametumika au la, kama mshahara wa mwendesha pampu, mlinzi, msoma mita, na akiba ya kununua pampu nyingine hii ikichakaa.

Sasa tuchukue mfano. Ni mfano tu, nimechagua tarakimu nyepesi ili kila mtu afuatilie. Tuseme mradi wetu uko kwenye kituo cha soko na una wateja 100. Wateja 80 ni nyumba za kawaida. Wateja 20 ni wakubwa, kama vile hoteli za chai na sehemu za kuosha magari. Kupampu uniti moja kunagharimu Sh40. Gharama zisizobadilika ni Sh32,000 kwa mwezi.

Tuanze na ile nyumba ya kawaida. Kioski cha maji kinauza mtungi kwa Sh3, kwa hiyo mitungi 50 ni Sh150. Basi uniti ya kwanza ya mfereji, ile ya kunywa na kupika, ina thamani ya Sh150 kwa nyumba hiyo. Hailipi zaidi, maana kioski kipo. Uniti ya pili ni ya kuoga na kuosha vyombo, thamani yake tuseme ni Sh130. Ya tatu Sh110, ya nne Sh90, ya tano Sh70, ya sita Sh50, na ya saba, ambayo pengine ni ya kumwagilia sukuma wiki, Sh30 tu.

Tukiuza kila uniti kwa Sh40, gharama ile ile ya kuipampu, nyumba hii itanunua uniti sita. Ya saba itaiacha kwa sababu haimfaidi. Katika uniti ya kwanza imelipa Sh40 kwa kitu cha thamani ya Sh150, kwa hiyo imebaki na nafuu ya Sh110. Katika ya pili imebaki na Sh90, kisha 70, 50, 30 na 10. Jumlisha: Sh360. Hiyo ndiyo nafuu yote ambayo nyumba inapata kwa kuwa na mfereji.

Hapa ndipo kanuni yenyewe ilipo. Ada ya mwezi inalipwa kutoka kwenye nafuu hiyo, haina mahali pengine pa kutoka. Ukitoza Sh300, nyumba inabaki na Sh60 na itaendelea. Ukitoza Sh400, mfereji umekuwa hasara. Mama mwenye nyumba hatakuja ofisini kulalamika. Atarudi kioskini na mtungi wake. Kwa hiyo kama ada ni moja kwa wateja wote, kikomo chake ni nafuu ya mteja mdogo. Nafuu ya mteja mkubwa haihesabiki hapo.

Mteja mkubwa yuko mbali sana na kikomo hicho. Hoteli ikikosa maji ya mfereji inamlipa mwenye mkokoteni, kwa hiyo uniti ya kwanza kwake tuseme ni Sh235, na thamani inashuka polepole, Sh10 kwa kila uniti. Kwa bei ya Sh40 atanunua uniti 20 na kubaki na nafuu ya Sh2,000.

Mtu atasema: basi tuweke bei ya uniti Sh40, gharama tupu, halafu ada Sh360, tumemaliza. Kwa mpango huo wateja 100 wanaleta Sh36,000 za ada, na uniti zinajilipia zenyewe. Lakini angalieni kinachotokea tukipandisha bei ya uniti hadi Sh60 na kushusha ada.

Kwa bei ya Sh60 nyumba inanunua uniti tano, na nafuu yake ni Sh250. Lazima ada ishuke kutoka Sh360 hadi Sh250, yaani Sh110, la sivyo nyumba inaondoka. Juu ya gharama ya kupampu, nyumba hiyo sasa inatuletea Sh20 kwa kila uniti, jumla Sh100. Tumepoteza Sh110, tumepata Sh100. Kwa kila nyumba mradi umepoteza Sh10. Kwa nyumba 80 ni Sh800.

Sasa hoteli. Naye ada imeshuka Sh110, maana ada ni moja. Lakini yeye ananunua uniti 18 kwa bei hiyo, kwa hiyo analeta Sh360 juu ya gharama ya kupampu. Ukitoa zile Sh110, mradi umepata Sh250 zaidi kwa kila hoteli. Kwa hoteli 20 ni Sh5,000. Ukitoa Sh800 tulizopoteza kwa nyumba, mradi umeongeza Sh4,200. Makusanyo baada ya kulipia kupampu yamefika Sh40,200.

Ndiyo maana bei ya uniti inafaa kuwa juu kidogo ya gharama, na ada kuwa chini. Ada inamlipisha kila mtu sawa. Bei ya uniti inamlipisha zaidi anayetumia zaidi. Ukihamisha mzigo kutoka adani kwenda kwenye uniti, mteja mdogo anakaribia kubaki palepale, na mteja mkubwa anachangia zaidi.

Lakini hatuwezi kwenda hivyo bila mwisho. Kwa bei ya Sh80, nyumba inanunua uniti nne, kikomo cha ada ni Sh160, na makusanyo yanafika Sh41,600. Kwa bei ya Sh100, nyumba inanunua uniti tatu, kikomo cha ada ni Sh90, na makusanyo yanarudi Sh40,200. Kilele kimepita, kwa sababu watu wameanza kuacha maji ambayo thamani yake kwao ni kubwa kuliko gharama ya kuyapampu. Na uniti tatu kwa mwezi ni lita 100 kwa siku kwa nyumba nzima, mitungi mitano. Nyumba ya watu sita haitoshwi na hayo.

Sasa nije kwenye hatari kubwa. Tuseme kamati inataka pesa tu. Ipo njia nyingine: weka bei ya uniti Sh40, halafu ada Sh2,000. Nyumba zote 80 zitaondoka. Hoteli 20 zitabaki, na zitaleta Sh40,000. Kwa mfano wetu hiyo ni pungufu kidogo ya Sh41,600, kwa hiyo hesabu yenyewe inatuambia tubaki na wateja wadogo. Lakini hoteli zikiongezeka zikafika 25, ada ya Sh2,000 inaleta Sh50,000. Kuwahudumia wote kwa bei ya Sh80 na ada ya Sh160 kunaleta Sh45,600. Sasa daftari linasema fukuza nyumba 80. Hakuna aliyebadilika katika nyumba hizo, hakuna aliyeacha kulipa. Hoteli tano tu zimefunguliwa kando ya barabara.

Kwa biashara ya mtu binafsi huo unaweza kuwa uamuzi wa kawaida. Kwa huduma ya maji si hivyo. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa hiyo sisi hatuanzi kwa kuuliza ni ada gani italeta pesa nyingi zaidi. Tunaanza kwa sharti kwamba mteja mdogo abaki, ndipo tuulize jinsi ya kufikia zile Sh32,000.

Tukiuliza hivyo, hesabu inakuwa rahisi. Kwa bei ya Sh80, uniti peke yake zinaleta Sh25,600 juu ya gharama ya kupampu. Zinabaki Sh6,400. Gawa kwa wateja 100, ni Sh64 kila mmoja. Tufanye Sh70 ili pawe na kitu kidogo cha dharura. Nyumba yenye uniti nne italipa Sh320 za maji na Sh70 za ada, jumla Sh390. Kikomo chake kilikuwa Sh160, kwa hiyo imebakiwa na nafuu ya Sh90. Hoteli yenye uniti 16 italipa Sh1,350 na bado itakuwa na nafuu kubwa.

Linganisha na mpango wa kuuza uniti kwa Sh40. Ili kufikia Sh32,000 ada ingekuwa Sh320. Nyumba ingelipa Sh560 na kubaki na nafuu ya Sh40 tu, wakati hoteli ingelipa Sh1,120. Bei ya uniti inaonekana ya huruma, lakini mzigo umelalia nyumba.

Kuna waliouliza: kwa nini tusiwatoze hoteli ada yao kubwa na nyumba ada yao ndogo? Panapowezekana, tufanye hivyo. Shida ni kwamba kwenye vituo vyetu vya soko nyumba na hoteli mara nyingi ni jengo moja. Mbele kuna meza za chai, nyuma kuna familia, na mita ni moja. Ada ya hoteli ikiwa kubwa mno, kila hoteli itajiandikisha kama nyumba. Ada moja yenye bei nzuri ya uniti haihitaji mtu yeyote aseme yeye ni nani. Mita ndiyo inayosema.

Sasa, tutajuaje kwamba ada imepita kikomo? Hakuna mtu atakayekuja na karatasi yenye thamani ya kila uniti. Lakini daftari la msoma mita linasema mengi. Dalili ya kwanza ni mita zinazosoma sifuri mwezi baada ya mwezi ilhali nyumba ina watu. Dalili ya pili ni mita moja ya nyumba kuruka kutoka uniti nne hadi ishirini, huku majirani watatu au wanne wakiomba kukatiwa maji. Hao hawajaacha kutumia mfereji. Wamekubaliana kulipa ada moja na kuchota kwa mmoja wao. Msiende na polisi. Majirani hao wamewafanyia hesabu bure: wamewaonyesha kwamba ada ni kubwa kuliko nafuu yao. Dalili ya tatu ni malimbikizo yanayolingana na ada. Mteja analipa maji aliyotumia, na ada anaiacha ijilimbikize.

Dalili hizo huja kwa wingi wakati wa mvua, na hapa ndipo miradi mingi hukosea. Mvua ikinyesha, bati na tangi vinatoa maji bure. Kwa nyumba ile ile, uniti ya kwanza sasa tuseme ni Sh110, ya pili Sh90, ya tatu Sh70. Kwa bei ya Sh80 itanunua uniti mbili tu, na nafuu yake ni Sh30 na Sh10, jumla Sh40. Ada ya Sh70 iliyokuwa nyepesi wakati wa kiangazi imekuwa hasara. Nyumba 80 zikijitoa na hoteli zikiendelea kama kawaida, makusanyo ya mwezi huo yanakuwa Sh14,200. Tukishusha ada hadi Sh30 kwa miezi ya mvua, nyumba zinabaki, na makusanyo ni Sh22,200. Kushusha ada kumetuongezea Sh8,000.

Bado Sh22,200 hazifiki Sh32,000. Upungufu wa Sh9,800 kwa mwezi, ikiwa miezi ya mvua ni minne, ni Sh39,200 kwa mwaka. Huo ulipwe na miezi minane ya kiangazi, wakati nyumba ina nafasi. Ada ya kiangazi ikiwa Sh120, makusanyo ni Sh37,600, ziada ya Sh5,600 kwa mwezi. Kwa miezi minane ni Sh44,800, zinazofunika upungufu na kubakisha kitu. Na Sh120 bado iko chini ya kikomo cha Sh160. Sharti ni kwamba ziada ya kiangazi ikae benki katika akaunti ya mradi. Ikitumika kwa mambo mengine mwezi wa pili, mvua ya Aprili itaukuta mradi hauna mshahara wa mwendesha pampu.

Kabla sijamaliza, nitaje mipaka ya hesabu hii. Nimesema nyumba 80 zinafanana, na hazifanani. Ajuza anayeishi peke yake hafiki hata uniti mbili, na nafuu yake ni ndogo kuliko ya familia ya watu sita. Tukiweka ada kwenye kikomo cha nyumba ya wastani, tumemtoa yeye na wenzake. Kwa hiyo ada isikae ukingoni. Iwe chini ya kikomo kwa nafasi ya kutosha, na kwa asiyeweza kabisa kioski kiendelee kufanya kazi. Pia nimezungumzia ada ya mwezi tu. Malipo ya kuunganishwa mara ya kwanza ni jambo lake, nayo yanaweza kumzuia mtu hata kabla hajafika kwenye bili. Yapangwe kwa awamu.

Kazi ya kila kamati kabla ya kikao kijacho ni hii. Toeni kwenye daftari usomaji wa mita zote kwa miezi kumi na miwili. Tenganisheni wateja wadogo na wakubwa kwa uniti walizotumia, msiangalie jina la biashara. Andikeni mwezi ambao mita za sifuri ziliongezeka, na kila mara bei ilipobadilika matumizi yalishuka kwa kiasi gani. Hapo ndipo tutapata zile thamani nilizozibuni leo. Ulizeni pia kioski cha karibu kinauza mtungi kwa bei gani, kiangazi na wakati wa mvua, maana bei hiyo ndiyo mshindani wa mfereji wenu.

Mapendekezo yataletwa mbele ya wananchi yajadiliwe. Kwa mashirika yenye leseni, bei haitumiki kabla ya kuidhinishwa na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, kulingana na Sheria ya Maji ya 2016. Mtakapoletewa karatasi hiyo ya mapendekezo, msisome bei ya uniti peke yake. Tafuteni ada, chukueni mwezi wa mvua, na mhesabu nyumba yenye uniti mbili itabaki na nini. Ikiwa haibaki na kitu, rudisheni karatasi.